Kamba ya Njia ya Mawe

Watu wa kisiwa cha Shungi hawakumpenda Melania, na hapa sitawapamba. Walimchukia miaka minne mfululizo, masika na kiangazi, wala hawakujificha. Walimwita Mrundi. Mara ya kwanza aliwaeleza kwamba yeye ni Muha wa Rusimbi, Ujiji, kwamba babu yake kazikwa hukohuko na kitambulisho cha taifa anacho. Wakamwambia ndiyo, Warundi wote husema hivyo. Mara ya pili hakueleza. Kujieleza nako kunachosha.

Kosa lake lilikuwa kamba. Shungi na bara zimetenganishwa na kilomita mbili za tope na mikoko, na juu ya tope hilo imelazwa njia ya mawe. Bahari ikipwa, njia inabaki wazi, watu wanapita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bajaji. Bahari ikijaa, njia yote inazama, na mwenye shida ya kuvuka anatafuta ngalawa. Upande wa kisiwani kulikuwa na nguzo mbili na kamba baina yake, imefungwa kitambaa chekundu katikati, na Melania ndiye aliyeifunga na kuifungua. Kando ya nguzo palikuwa na ubao. Kila alfajiri aliandika kwa chaki saa ya njia kufunguliwa na saa ya mtu wa mwisho kuingia. Nyuma ya ubao kilikuwapo kibanda cha bati, chumba kimoja na jiko, alichopewa na serikali ya kijiji kwa kazi hiyo.

Hakuwa na kwingine. Alifika Shungi akiwapikia mafundi wa njia, na mumewe Castory akipanga mawe. Kazi ilipokwisha Castory alifuata kazi nyingine Lindi. Simu yake iliita mwezi mmoja, kisha ikaacha kuita. Ujiji nako, ile miaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumba ya mama yake mpaka usawa wa dirisha, yakakaa. Mama alihamia kwa ndugu Buzebazeba, wakalala wanane chumba kimoja. Wa tisa angelala wapi? Kwa hiyo kamba ile na kibanda kile ndivyo vilivyomweka Melania kisiwani, na watu wa Shungi walilijua hilo vizuri sana.

Msimamizi wa mafundi ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali la maji. Melania hakuwa na cha kusahau, maana kwao hakuna bahari inayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Alianza na karatasi tupu kichwani, akajaza. Jedwali lina safu tatu: tarehe, saa na mita. Saa zake zimehesabiwa kutoka usiku wa manane, kwa hiyo unazigeuza. Halafu jedwali ni la bandari kubwa, na Shungi maji huchelewa dakika kumi, kwa hiyo unaziongeza. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, unasoma mita. Saa inakwambia maji yatakuwa chini lini. Mita zinakwambia chini hiyo ni chini kiasi gani. Njia ya Shungi ina bonde, karibu na upande wa bara, nyuma ya kona ya mikoko, na bonde hilo halikauki mpaka maji yashuke chini ya mita moja na sentimita ishirini. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hushuka sana na njia hukaa wazi masaa manne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bonde linaweza kutwa na kucha na maji. Ukisoma saa ukaacha mita, umesoma nusu ya habari.

Bi Somoe alilisikia somo hilo siku moja Melania akiwaeleza wanawake wa mwani. Bi Somoe alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Alisema bahari hii babu zake waliijua kwa kuhesabu siku za mwezi, na wala hawakuwa na karatasi, na sasa mtu wa ziwani, aliyezaliwa kwenye maji ya kunywa, ndiye wa kuwafungia njia yao. Wanawake wakacheka. Melania alimwamkia kila siku, shikamoo Bi Somoe, na Bi Somoe aliitikia siku alizojisikia.

Athumani, mwana wa Bi Somoe, alikuwa na bajaji, ya pekee kisiwani. Kila dakika kamba ilipofungwa, Athumani alipoteza abiria, kwa hiyo chuki yake ilikuwa na sababu ya kueleweka, nami simnyimi haki yake. Alikuwa amekwisha kumwambia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bakari, kwamba kazi ya kamba apewe mwenyeji. Mzee Bakari hakukataa wala hakukubali. Alisema mama huyu hajakosea bado. Siku akikosea tutakaa.

Basi Melania akawa anaishi kwa kutokosea. Jaribu wewe uone.

Mwaka huo mwezi wa Idi uligombaniwa, kama kawaida yetu. Nyumba ya Bi Somoe na nyumba nyingine chache walipokea habari ya mwezi ulioonekana nchi za mbali, wakala Idi siku ya Alhamisi. Wengine walingoja wauone kwa macho yao, wakala Ijumaa. Hilo ni la dini na mimi simo. Ninachosema ni cha bahari. Jumamosi, kwa wengi wa Shungi, ilikuwa mwezi pili. Kwa Athumani ilikuwa mwezi tatu. Na hesabu aliyoachiwa na babu yake inasema: mwezi pili maji hupwa kabla ya adhuhuri, mwezi tatu hupwa watu wakishatoka kuswali adhuhuri. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ilitungwa na watu walioutazama mwezi juu ya Shungi. Athumani akaitia tarehe ya mwezi wa kwingine, akawa mbele siku nzima, na siku nzima baharini ni karibu saa moja.

Jedwali la Melania halikuwa na habari ya Idi. Lilisema Jumamosi maji yatapwa saa sita kasoro dakika ishirini, mita sifuri nukta nne. Akaongeza zake kumi. Bamvua nzuri, masaa mawili kabla na masaa mawili baada. Bonde lingeanza kuzama saa nane kasoro dakika kumi, na mtu mwenye mzigo huchukua karibu nusu saa kulifikia. Akaandika ubaoni: mwisho kuingia saa saba na dakika ishirini. Saa saba na dakika ishirini ilipofika akafunga kamba.

Athumani akaja saa nane kasorobo. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi, na nyuma ya bajaji alikaa Bi Somoe na sinia la vitumbua limefunikwa kawa, anakwenda kwa mdogo wake bara. Wanawake wawili wa mwani, Mwanahawa na shemeji yake, walikuwa kando wakianika mwani wao kwenye vichanja. Athumani akapiga honi.

Melania alitoka kibandani, akaamkia, akasema muda umepita.

Athumani alisema umepita wapi, maji yamepwa sasa hivi tu. Akanyoosha mkono kwenye njia. Na kweli, ukisimama pale kwenye nguzo ukatazama, mawe yalikuwa makavu mpaka kwenye kona ya mikoko, mtu na akili zake angeapa njia ni nyeupe. Bonde halionekani kutoka kambani. Melania alisema bonde halionekani kutoka hapa, na karatasi inasema limebakiza dakika tano. Athumani alisema karatasi yako iende ikawasomee samaki wa Ujiji. Alisema leo ni mwezi tatu, mtoto mdogo anajua. Melania, ambaye hakufunga Ramadhani yoyote, hakuwa na jibu la mwezi. Alikuwa na jibu la mita tu, akalirudia.

Ndipo Bi Somoe akatoa kichwa nje. Akasema taratibu, bila kupandisha sauti, kama anayenunua chumvi.

"Sisi tulikukuta hapa, au wewe ulitukuta?"

"Nilikukuteni, Bi Somoe."

"Basi fungua."

Melania alisimama mbele ya kamba. Alikuwa na hasira, na hasira mbaya zaidi ni ile unayotakiwa kuiamkia shikamoo. Athumani akashuka, akampita kwa bega, akafungua fundo la kamba, akaitupa topeni. Alipokuwa anarudi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Mrundi hafungi njia ya mtu. Kisha akapanda, akawasha, wakaenda. Wanawake wa mwani waliona yote. Wakageukia vichanja vyao.

Melania aliiokota kamba, akaisuuza matope kwenye ndoo. Moyoni alisema na waende. Alilisema hilo, sitalificha. Wakalowe, wajue. Akakaa kwenye ngazi ya kibanda akatazama upande wa pili, ambako vyombo vyote vikishapita kona ya mikoko hutokeza tena, vidogo, vikipanda ukingo wa bara. Bajaji huchukua dakika nane kutokeza. Akahesabu kumi. Akahesabu kumi na tano. Haikutokeza.

Sasa alijua mambo ambayo hakutaka kuyajua. Maji yakianza kujaa huja kwa aibu, saa ya kwanza kidogo, saa ya pili kidogo zaidi. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, na saa ya tatu ilikuwa imeanza. Siku ile, kwa mita za siku ile, bonde lingeongezeka shibiri moja kila robo saa, hata zaidi. Yule mama ana magoti mabovu. Melania alifikiri pia, kwa haraka na kwa uchungu, kwamba wakifa atafukuzwa, na wasipokufa atafukuzwa. Halafu akachukua madumu mawili matupu ya lita ishirini, akayafunga kwa ile kamba, akakimbia. Alipompita Mwanahawa alimpigia kelele aite wanaume wenye ngalawa.

Kukimbia juu ya mawe yenye utelezi na madumu yanakugonga mgongoni si mchezo. Alianguka mara moja, akachubuka goti. Alipozunguka kona ya mikoko aliona bonde lote limekuwa maji, rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda upande mmoja kwa nguvu. Bajaji ilikuwa imeingia bondeni, ikazimika, na Athumani alipojaribu kuisukuma ikateleza nje ya mawe, gurudumu la nyuma topeni. Athumani alikuwa juu ya paa. Bi Somoe alikuwa ndani, kwenye kiti, maji tumboni, sinia bado mapajani kwake.

Athumani hakujua kuogelea. Usishangae, nusu ya watu wa pwani hawajui. Bahari yao wanaipanda, hawaiingii. Melania alijifunza kuogelea Ujiji kabla ya kujifunza kusuka. Aliingia. Juu ya mawe maji yalikuwa chini ya magoti yake, lakini alipoyaacha kuifuata bajaji alizama mpaka kifuani. Akasema, "Bi Somoe, nipe mikono."

"Usinishike, Mrundi wewe."

Mana yanje, Mungu wangu, Melania alisema kwa lugha ya kwao. Kisha akamshika. Akalitoa lile sinia, likaelea, vitumbua vikaenda zao. Akamfunga Bi Somoe kamba kifuani, dumu moja kila kwapa, na Bi Somoe akamkwaruza shingo kwa kucha na kumwita majina ambayo siku ya Idi hayasemwi. Kumtoa kitini kulichukua muda mrefu kuliko alivyohesabu. Mguu wake mmoja ulikwama chini ya kiti cha dereva, ikabidi Melania azamishe kichwa, apapase, auchomoe bila ndara. Walipofika kwenye mawe maji yalikuwa mapajani na yanasukuma. Alimwambia Athumani ashuke ashike mkia wa kamba, asiuachie hata akifa. Athumani alishuka. Walitembea hivyo watatu, Melania mbele anavuta, mama katikati anaelea nusu na kulia nusu, mwana nyuma. Bonde lile lina urefu wa hatua mia na hamsini, na walikuwa wamebakiza hamsini kabla ya kupanda upande wa kisiwani. Hatua hamsini zile Melania hatazisahau. Walipopanda, hata sehemu ya juu ya njia ilikuwa imeanza kulowa, na ngalawa iliyoitwa na Mwanahawa ikawakuta hapo, ikawachukua.

Ukidhani walimshukuru, hukuwa unanisikiliza.

Bajaji ilipotea. Siku ya pili ilionekana imelala ubavu, injini imejaa mchanga, na polisi wa bara wakauliza nani alimwingiza mama mzee bondeni saa hiyo. Hilo ndilo lililokuwa kubwa. Mtu aliyefungua kamba kwa nguvu na kumpakia mamaye kuelekea majini ana kesi ya kujibu. Jumatatu Mzee Bakari akaita mkutano wa kijiji, uwanja wa shule, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Melania alisimama akasema yaliyotokea, kwa saa na kwa mita. Watu walipiga miayo alipofika kwenye mita.

Kisha akasimama Bi Somoe. Alisaidiwa kusimama. Shingo ya Melania ilikuwa bado ina alama za kucha zake.

"Kamba ilikuwa wazi," alisema Bi Somoe. "Huyu mama ndiye aliyetuambia nendeni, muda upo."

Melania alimtazama Athumani, na Athumani akatazama ndara zake, ambazo zilikuwa mpya. Alimtazama Mwanahawa. Mwanahawa aliolewa na binamu wa Athumani. Aliinamisha kichwa akaanza kumfunga mtoto nguo ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa. Melania alisubiri. Alidhani, masikini, kwamba uongo mkubwa hivyo hauwezi kukaa hewani bila kuanguka. Ulikaa. Hapo alisikia uchungu ambao maji ya bondeni hayakumpa.

Mikono ilipandishwa. Walio wengi walisema mama huyu amekosea. Kazi ya kamba akapewa Athumani, kwa kuwa chombo chake kimeharibika na yeye ni mwenyeji. Melania apishe kibanda kesho yake. Aache jedwali, ni mali ya kijiji.

Jumanne asubuhi alilikabidhi. Athumani, ambaye hakuweza kumtazama usoni, aliuliza linasomwaje. Melania alimwonyesha tarehe, akamwonyesha saa, akamwambia aongeze kumi. Alipofika kwenye mita Athumani alisema hilo anajua, masaa mawili kabla na mawili baada, si ndivyo ulivyoandika juzi. Melania alisema juzi ilikuwa juzi. Bamvua inaisha, kila siku maji yanashuka kidogo kuliko jana. Akasema tena atazame mita. Athumani alisema sawa, sawa, mama, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, na Melania akaacha. Hakuwa na deni la somo.

Alitaka kuvuka mapema, basi la Lindi huondoka upande wa pili saa kumi na moja jioni. Mzee Bakari alikuwa amemwahidi barua, ya kuonyesha kwamba alifanya kazi miaka minne, na mtu asiye na kitu hawezi kuiacha barua. Alimkalisha kwenye benchi la ofisi kutoka saa sita. Muhuri haukuonekana, halafu ulionekana, halafu mwenye wino alikuwa msikitini. Alipotoka na barua ilikuwa saa tisa na nusu imepita. Alibeba sanduku kichwani akashuka mpaka kambani, na njia nzima alikuwa akiisoma kichwani safu ya siku ile. Maji yanapwa saa nane na dakika ishirini. Mita moja kamili. Sio nukta nne, mita moja. Kutoka mita moja mpaka moja na ishirini ni padogo sana, saa na robo tu na bonde linafunikwa. Saa kumi kasoro dakika ishirini na tano lilikuwa limefunikwa tayari. Mtu wa mwisho alitakiwa kuingia saa tisa na dakika tano.

Kamba ilikuwa chini. Ubaoni, kwa chaki na mwandiko mkubwa, Athumani alikuwa ameandika mwisho saa kumi na dakika ishirini. Masaa mawili kamili, hata nusu saa ya kutembea hakuitoa.

Watu walikuwa wanaendelea kuja, kama ishirini hivi, wengi wao wanawake, wanawahi basi hilohilo. Magunia ya mwani mkavu, ndoo za pweza, watoto mgongoni. Mawe yalikuwa makavu mpaka kona ya mikoko. Athumani alisimama kwenye nguzo amevaa fulana safi, anawahimiza, twendeni, twendeni, muda upo. Walioingia robo saa nyuma wangelowa nyayo tu. Hawa sasa wangekuta maji ya muundi yanapanda, na wa nyuma yao magotini, yakisukuma, jua likishuka.

Melania alifika mbele ya kamba. Mwili wake ulitaka kwenda. Upande wa pili kulikuwa na basi, na upande huu hakuna hata paa. Angeweza kupiga kelele. Nani angemsikiliza? Jana tu walipandisha mikono. Akashusha sanduku kichwani, akaliweka chini kando ya nguzo, akalikalia.

Athumani alimuuliza vipi, mama, huendi.

"Sivuki," alisema Melania.

Alitoa leso akafuta uso. Mwanahawa alikuwa nyuma yake na gunia kichwani. Alimtazama Melania, akatazama ubao, akatazama njia iliyokuwa kavu kabisa, na mtoto akalia mgongoni kwake. Akashusha gunia. Akalikalia. Shemeji yake akashusha lake. Wauza pweza wawili waliokuwa wamekwisha kuvuka nguzo wakageuka kuuliza kuna nini, wakarudi wakachuchumaa. Athumani alisema jamani kamba iko wazi. Alisema mimi ndiye ninayefungua sasa. Alilionyesha jedwali, akalipiga kwa vidole, akasema limeandikwa humuhumu. Watu walimsikiliza kwa adabu, na kila aliyefika alitazama kwanza sanduku la Melania, kisha akatafuta pa kukaa.

Wa mwisho kufika alikuwa Bi Somoe. Alikuja anachechemea na bahasha yake ya hospitali, anakwenda kupigwa picha ya magoti. Alisimama kati ya mwanawe na lile kundi. Athumani alimnyooshea mkono amshike kumwingiza njiani, na alimwita kwa upole, mama, njoo, muda upo. Bi Somoe alikitazama kile kiganja. Kisha akageuka, akaja polepole mpaka kwenye sanduku, akajishusha chini mchangani kwa kuguna, karibu kabisa, ubavuni kwa Melania. Alikuwa akihema.

"Itafunguka lini tena?" aliuliza, bila kumtazama.

Melania alilijua jibu. Kesho yake jedwali lilisema mita moja na robo, bonde lisingekauka, keshokutwa zaidi, na maji mafu yalikuwa yanaingia. Alijua siku, alijua na dakika.

"Muulize mwanao," alisema.

Bi Somoe hakumuuliza. Alibaki amekaa palepale, na Athumani akabaki amesimama peke yake kwenye nguzo, na jedwali mkononi.